Tasi wanaoacha ngozi kwenye karai: kisa kimoja cha Mikindani

Malalamiko yalikuwa haya. Mama mmoja anayekaanga samaki jioni Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, alikuwa anapoteza tasi. Hawaungui, wala si kwamba hawaivi. Wanashika. Upande unaotangulia kulala chini unaacha ngozi palepale kwenye karai, nyama inabaki wazi, na akijaribu kugeuza samaki anakatika kiunoni: kichwa kinakuja na mwiko, mkia unabaki kwenye mafuta. Samaki wa hivyo hauzi kwa bei yake. Mteja wa jioni anachagua kwa macho. Anataka samaki mzima, ngozi imekauka rangi ya dhahabu, mkia unavunjika ukiugusa. Aliyechanika anakwenda kwa wanaoomba wapunguziwe, au anarudi nyumbani kuwa mchuzi.

Mshtakiwa alikuwa ameshapatikana. Karai lake la zamani la chuma lilitoboka, akanunua jingine la aluminiamu, pana, jembamba, na shida ikaanza muda si mrefu baada ya hapo. "Mdogo wangu, hili karai lina kisirani," aliniambia. "Kila nikiweka tasi, linanilia ngozi." Alitaka nimwambie kama atafute karai jingine la chuma hata kama ni ghali. Mimi napikia watu kwenye shughuli, na swali la kushika kwa samaki naulizwa mara kwa mara. Karibu kila anayeuliza ameshakilaumu chombo kabla hajamtazama samaki.

Kilichonifanya nisikubali haraka ni meza yake mwenyewe. Kando ya vipande vya tasi kulikuwa na changu wanne, wote wazima, ngozi haina hata mkwaruzo. Karai lilelile, mafuta yaleyale, mkaa uleule, jioni ileile. Kama karai ndilo lenye makosa, kwa nini limewasamehe changu?

Kulikuwa na jibu rahisi ambalo lilipaswa kuondolewa kwanza. Changu walikaangwa mwanzo, mafuta yakiwa safi na karai halina masalia. Samaki wa kwanza akiacha hata kijipande kidogo cha ngozi chini, kijipande hicho kinaungua, kinang'ang'ania, na samaki anayefuata analala juu yake na kushikia hapohapo. Kwa hiyo huenda tasi walikuwa wanalipia tu kuwa wa pili. Nikamwomba abadilishe zamu: asafishe karai, apashe mafuta upya, aanze na tasi mmoja peke yake, kisha changu. Tasi alishika, akiwa wa kwanza na yuko peke yake. Changu aliyemfuata alitoka salama, ila doa dogo ubavuni pale alipogusa masalia ya tasi.

Basi tatizo halikuwa zamu, na karai halikuwa mkosaji mkuu. Ilibaki kumtazama tasi mwenyewe na njia aliyopita kabla ya kufika kwenye mafuta.

Ilikuwa miezi ya kusi. Upepo ukivuma kwa nguvu, vyombo vidogo haviendi kila siku, na mkaanga samaki anayetaka kuwa na samaki kila jioni ananunua wengi siku wanapopatikana na kuwaweka kwenye friza. Changu wale wanne walikuwa wametoka baharini asubuhi ya siku ile. Tasi walikuwa na siku kadhaa kwenye friza. Hilo peke yake linabadilisha mambo. Friza ya nyumbani inagandisha polepole, na samaki akiganda polepole maji yaliyo ndani ya nyama yanajenga vipande vikubwa vya barafu vinavyopasua nyama kwa ndani. Akiyeyuka, maji hayo hayarudi yalikotoka. Yanatoka nje, yanalowesha ngozi, na yanaendelea kutoka hata samaki akiwa tayari kwenye mafuta. Lakini samaki wa friza wanakaangwa kila siku Mtwara na Lindi na wanatoka wazima. Lazima kulikuwa na kitu cha ziada.

Kitu hicho nilikiona kwenye dishi nyuma ya jiko. Binti wa dada yake, anayemsaidia, alikuwa anayeyusha tasi wa awamu ya pili. Alikuwa amechukua maji yaliyochemka kwenye birika, akachanganya na ya baridi, akawazamisha. Nilitia mkono, yalikuwa ya moto kiasi cha kutamani kuutoa. Nikachukua tasi mmoja na kupitisha kidole gumba ubavuni, kutoka kichwani kwenda mkiani. Ngozi ilisogea. Ilijikunja mbele ya kidole, ikaacha mstari mweupe wa nyama, na kidole chenyewe kikabaki kinanata. Kwenye chale alizokuwa amemkata, kingo za ngozi zilikuwa zimejikunja kwenda nje. Ndani ya samaki huyohuyo, karibu na mfupa, bado kulikuwa na barafu.

"Mama mdogo ndiye aliyenifundisha," binti alisema. "Yakiwa ya baridi tutachelewa, wateja wa magharibi wanafika."

"Hujakosea haraka, mwanangu," mama mdogo wake alimjibu. "Ngoja tumsikie."

Ngozi ya samaki inashikiliwa na protini inayoitwa kolajeni. Ikiwa mbichi na baridi, kolajeni ni nyuzi imara zilizosukwa, ndiyo maana samaki mbichi unaweza kumvuta ngozi asichanike. Ikipata joto pamoja na maji, nyuzi hizo zinajikunja, halafu zinalegea na kugeuka kuwa jelatini, ambayo inanata kama gundi. Kwa nyama ya ng'ombe jambo hilo linahitaji joto kubwa zaidi na muda mrefu. Kolajeni ya ngozi ya samaki inalegea mapema zaidi, hata kwenye maji ambayo bado hayajafika popote karibu na kuchemka. Kwa hiyo tasi wale walikuwa wanaingia kwenye karai huku gundi imeshatengenezwa kwenye dishi. Ngozi imeachana na nyama kwa ndani, nje inanata, na katikati kuna barafu inayosubiri kutoa maji. Karai la aina yoyote lingeshika.

Kwa nini changu asingeshika hata akipitia hayo? Huenda naye angeshika, ila angevumilia zaidi. Changu ana magamba makubwa na ngozi nene inayoyabeba. Tasi magamba yake ni madogo mno, watu wengi hawayapari kabisa, ngozi ni nyembamba na ina ute mwingi. Kati ya samaki wa kawaida wa pwani yetu ya kusini, tasi ndiye anayekuonyesha kosa haraka kuliko wengine.

Sasa, kushika kwenyewe kunatokeaje? Protini ya samaki mbichi ikigusa chuma chenye joto inajishika na chuma hicho wakati inaiva. Mafuta yakiwa na moto wa kutosha na ngozi ikiwa kavu, kabla samaki hajalala vizuri maji kidogo yaliyobaki juu ya ngozi yanageuka mvuke, mvuke unamwinua, na uso wa ngozi unakauka na kukaza ukiwa bado umetenganishwa na chuma kwa mafuta. Ngozi iliyokaza na kukauka haina tena cha kushikia. Ikiwa ngozi imelowa, moto wote wa mwanzo unatumika kuyachemsha maji hayo, mafuta yanapoa, na samaki anakaa chini ya karai akitokota badala ya kukaangika. Dakika hizo za kutokota ndizo zinazomfanya ashike.

Hapo ndipo likaja la pili, nalo lilikuwa kosa la hesabu tu. Alikuwa anatia tasi sita kwa mpigo kwenye mafuta kiasi cha lita moja. Tasi mmoja kwake ni robo kilo hivi, kwa hiyo sita ni kilo moja na nusu. Lita moja ya mafuta ya kula haifiki hata kilo moja. Samaki baridi wanaoyazidi mafuta kwa uzito hawawezi kukaangika; wao ndio wanaoyapoza mafuta. Nilimwambia asikilize sauti. Samaki wawili wakiingia, mafuta yanapiga kelele kali na mapovu madogo yanakimbia kando ya mwili wote, na kelele hiyo haikatiki. Sita wakiingia, kelele inaanza kwa nguvu, halafu inashuka, mapovu yanakuwa makubwa na ya uvivu. Ukisikia sauti imeshuka hivyo, usianze kugeuza wala kutikisa samaki, kwa sababu huo ndio wakati ameshika zaidi kuliko wakati wowote. Ongeza moto, subiri.

La tatu lilikuwa ndimu na chumvi. Desturi yake ni nzuri: anasugua samaki kwa ndimu na chumvi kutoa ute na harufu, na kwa tasi sioni namna ya kuikwepa. Lakini alikuwa anamwacha samaki kwenye maji yake ya ndimu mpaka zamu yake ifike, anamtoa akidondoka, anamtia. Chumvi inavuta maji kutoka ndani. Dakika kama 10 baada ya kuipaka, ndipo ngozi inapokuwa imelowa kuliko ilivyokuwa mwanzo. Ama utie chumvi na kukaanga papo hapo, ama umwachie nusu saa maji yatoke, uyafute, ndipo ukaange. Mtu anayekaanga katikati ya hapo amechagua wakati mbaya kuliko wote. Ndimu nayo ikikaa muda mrefu inaivisha uso wa nyama kwa ukali wake, kingo za chale zinakuwa nyeupe na kulegea.

Tulikubaliana abaki na karai lake na kubadilisha haya matatu, tuone.

Siku iliyofuata tasi walitolewa friza mapema na hawakuguswa na maji ya moto. Kwa kuwa hana friji ya kuwaweka usiku kucha, tulitumia njia ya mfuko: samaki wakiwa bado wameganda wanatiwa kwenye mfuko wa plastiki usiotoboka, hewa inakamuliwa, unafungwa, unazamishwa kwenye ndoo ya maji ya kawaida. Maji yakipoa sana yanabadilishwa. Tasi wa robo kilo anayeyuka kwa muda wa kama saa moja, ngozi yake haijaguswa na maji wala moto. Mwenye friji afanye rahisi zaidi, awaweke chini ya friji tangu usiku, juu ya chujio lenye bakuli chini yake, ili maji yanayotoka yadondoke mbali na samaki badala ya kumlowesha.

Waliokuwa hawajatolewa matumbo walitolewa. Kwa tasi hapa kuna tahadhari ambayo wapara samaki wa Feri hawahitaji kuambiwa, lakini mpishi wa nyumbani anaihitaji: miiba ya mapezi yake ina sumu, na ukichomwa unaumwa sana. Ikate kwa mkasi kabla ya kufanya lolote. Ukichomwa, kuweka mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia kunapunguza maumivu. (Hayo maji ya birika yana kazi yake, kumbe.) Ndani ya tumbo kuna utando mweusi; usugue utoke, unaleta uchungu.

Kisha ndimu na chumvi, kusugua kwa haraka, kusuuza. Chale tatu kila upande, za kushuka mshazari, zinafika karibu na mfupa mgongoni na zinakuwa za juujuu zikikaribia tumbo. Watu wengi wanadhani chale ni za kuingiza viungo tu. Kazi yake nyingine ni kwamba ngozi inajikunja ikipata moto na nyama inatoa mvuke; chale zinaipa ngozi nafasi ya kujikunja bila kupasuka na mvuke njia ya kutokea. Ngozi isiyokatwa inajipasukia yenyewe inapotaka, na mara nyingi inataka tumboni. Chumvi tuliweka vijiko viwili vya chai kwa kilo moja. Tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa vikaingia ndani ya chale na tumboni, si juu ya ngozi. Kitunguu saumu kilichopakwa juu kinaungua kabla samaki hajaiva, na kikiungua kinakuwa masalia yaleyale ya kushikia samaki anayefuata.

Tukawaacha nusu saa. Maji yaliyotoka yalitosha kulowesha sinia, binti akashangaa. Tukawafuta kwa kitambaa safi cha pamba, ndani ya tumbo na ndani ya chale pia, tukawapanga wima kwenye waya, migongo juu, chini ya kawa, mahali penye upepo wa bahari. Upepo ule wa kusi unaozuia vyombo kwenda unakausha samaki vizuri sana. Baada ya dakika kama 20 nikampa yule binti aguse. Kidole kilipita bila kuteleza na bila kunata, ngozi haikusogea. Huyo ndiye samaki wa kuingia kwenye karai. Ukigusa na kidole kikarudi na unyevu, bado.

Karai tuliliosha, tukalikausha juu ya moto mpaka hakuna hata tone. Alikuwa analisugua kwa stilwaya kila usiku mpaka linang'aa, na kwa aluminiamu kung'aa huko kuna gharama yake: kila mkwaruzo ni mahali pa samaki kushikia. Karai la chuma lina faida ya kweli hapa, linajenga utando mweusi wa mafuta yaliyoungua polepole na utando huo ndio unaomteleza samaki. Aluminiamu haishiki utando kiasi hicho. Kwa hiyo mama hakuwa amekosea kabisa kulihisi karai lake. Ila alilibebesha lawama yote. Alianza kulisugua kwa sifongo na sabuni, na masalia sugu anayalowesha kwa maji ya moto kwanza kabla ya kuyakwangua kwa mwiko wa mti.

Mafuta yalimiminwa mpaka kina kinachofika zaidi ya nusu ya unene wa samaki. Kuyajaribu, nilimwambia aachane na kunyunyiza maji, maana yanaruka na kuunguza. Chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti. Mapovu madogo yakitoka mara moja na mfululizo kuzunguka ncha, yako tayari. Kwa mwenye kipimajoto, hapo ni nyuzi 180 hivi. Yakianza kutoa moshi yamepita, ondoa karai motoni kidogo.

Akaingiza tasi wawili. Namna ya kuingiza nayo ilibadilika. Zamani alikuwa anamwachia samaki kutoka juu, anatua kwa ubavu mzima. Sasa anamshika mkia, anashusha kichwa kwanza, anamlaza polepole kwenda mbele ya mwili wake, mafuta yakiruka yaruke mbali naye. Ile sekunde mbili tatu za kumshusha, ubavu unakuwa umeanza kukauka kabla haujafika chini. Akiwa amelala, mama akasogeza mkia kwa ncha ya mwiko mara moja, kidogo sana, kabla hajatulia. Baada ya hapo mkono mbali.

Huu ndio wakati mgumu kwa mtu mwenye wateja wamesimama. Mkono unawasha. Dakika ya pili tu mama alitaka kuingiza mwiko chini, nikamzuia. Samaki anajiachia mwenyewe akishakauka upande wa chini. Tazama kingo: karibu na mgongo na kwenye mapezi rangi ya dhahabu inaanza kupanda kutoka chini, mapovu yanapungua kwa sababu maji yamepungua, na ukitikisa karai samaki anasafiri na mafuta. Asiposafiri, hajawa tayari, na hakuna mwiko utakaomsaidia. Tasi wale walichukua dakika kati ya nne na tano. Walipoanza kuogelea, akaingiza mwiko mpana wa bati kutoka upande wa mgongo, chini ya mwili mzima, akamshikilia kwa kijiko upande wa pili, akamviringisha juu ya mgongo wake. Kumviringisha juu ya tumbo ndiko kunakomchana, maana tumbo halina mfupa wa kulishikilia. Upande wa pili ulichukua muda mfupi zaidi.

Wawili wale walitoka wazima. Mama aliwatazama, akamtazama binti, halafu akasema, "Kumbe karai nimelisingizia." Akaendelea wawiliwawili. Kati ya awamu na awamu alichota vipande vilivyozama kwa kijiko cha matundu na kusubiri mafuta yarudie sauti yake. Hapo hesabu ya muda ikamsumbua, ni haki yake: wawiliwawili ni polepole kuliko sita. Lakini sita walikuwa wanakaa muda mrefu kwa sababu ya mafuta kupoa, na wanaoharibika kati yao hawakuwa na bei. Baadaye aliongeza mafuta na mkaa, akawa anatia watatu.

Wateja walipoanza kuja likatokea jingine ambalo halikuwa kwenye malalamiko ya mwanzo. Samaki waliokuwa wazima kwenye karai walianza kuvua ngozi kwenye chombo. Alikuwa anawapanga mmoja juu ya mwingine kwenye sufuria na kufunika wasipoe. Samaki aliyetoka kwenye mafuta bado anatoa mvuke. Ukimfunika, mvuke unarudi kwenye ngozi iliyokauka na kuilainisha, na wa juu anapoinuliwa anaondoka na ngozi ya wa chini. Gazeti chini yake halisaidii sana, linanyonya mafuta lakini upande uliolala unabaki na mvuke. Tukawarudisha kwenye waya uleule, wima, bila kufunika isipokuwa kwa kawa. Wanapoa haraka zaidi, ni kweli. Mteja anayetaka wa moto, samaki wake anarudishwa kwenye mafuta kwa nusu dakika, na anatoka mkavu kuliko mara ya kwanza.

Niliulizwa kuhusu unga wa ngano. Sina ugomvi nao. Unga mwembamba unanyonya unyevu uliobaki na kuweka kitu kati ya ngozi na chuma, na kwa samaki wa friza ni msaada wa kweli. Sharti moja: upakwe wakati samaki anakwenda kwenye mafuta, ukung'utwe ubaki vumbi tu. Ukipakwa mapema unalowana na kuwa ujiuji, na ujiuji unashika vibaya kuliko ngozi tupu. Pia unga unaodondoka unaungua chini, kwa hiyo mafuta ya unga yanachujwa mara nyingi zaidi. Wateja wa mama huyu hawaupendi, wanasema unaficha samaki, akaamua kutoutumia.

Kuna tasi ambao hawakukubali hata kwa utaratibu huu wote. Walikuwa wachache, wale waliotiwa friza wakiwa na matumbo yao. Tasi anakula mwani na majani ya baharini, wakulima wa mwani wanamjua kwa hasara, na tumbo lake linaharibika upesi kuliko la samaki mla samaki. Vimiminika vya tumboni vinaanza kumeng'enya ukuta wa tumbo kwa ndani saa chache tu baada ya samaki kufa, na friza inapunguza kasi ya jambo hilo bila kulirudisha nyuma. Unamjua kwa kubonyeza tumbo kwa kidole akiwa ameyeyuka: kidole kinaacha shimo, au mifupa ya mbavu inatokeza kwa ndani ikiwa imeachana na nyama. Huyo atapasuka tumboni utakavyomkaanga. Mama sasa anawatenga hao kabla ya chumvi, anawakata vipande kwa mchuzi wa nazi wa mchana, na tasi wanaokwenda friza wanatolewa matumbo na kufutwa siku ileile wanaponunuliwa, hata kama ni usiku.